Mkono Ukinaswa na Mkanda wa Kinu: Kusimamisha Mashine, Kutoa Taarifa na Kumwokoa Mfanyakazi

Katika vinu vya kusaga nafaka vilivyomo Bujumbura na katika miji ya mpakani, mkanda unaopeleka mahindi kutoka shimo la kumiminia hadi kwenye mashine ya kusaga huonekana kuwa kitu cha upole. Hauungurumi kama kinu chenyewe, wala hauna meno yanayotisha. Hata hivyo, mahali ambapo mkanda huo unaingia kwenye puli yake ya mwisho pana nguvu inayoweza kuumeza mkono wa mtu mzima kabla hajapata nafasi ya kupiga kelele.

Hesabu yake ni rahisi. Mkanda unaokwenda mwendo wa mita 1 kwa sekunde si mkanda wa haraka. Lakini mtu aliyeshikwa vidole huhitaji kama nusu sekunde ili atambue kilichompata na kuanza kuvuta. Katika nusu sekunde hiyo mkanda umekwisha kwenda sentimita 50, yaani zaidi kidogo ya dhiraa moja. Ndiyo maana majeruhi wa mkanda mara nyingi huwa amenaswa hadi kiwiko au bega, wala si vidole peke yake.

Makala haya yanaeleza yale ya kufanywa tangu mkono uliponaswa hadi majeruhi anapofikishwa hospitalini, na yale ya kuandikwa baada ya hapo. Ili maelezo yashikike, tutafuata mfano mmoja tulioutunga kwa ajili ya mafundisho. Si habari ya mtu wala kinu fulani.

Mfano wenyewe

Ni saa moja jioni katika kinu kimoja mtaani Kinanira, kusini mwa jiji la Bujumbura. Wafanyakazi watatu wako zamuni: mwendeshaji wa mashine, mpakuzi wa magunia, na kijana wa kibarua aliyekuja kutafuta kazi kutoka ng'ambo ya mpaka. Mahindi yenye unyevu yamejikusanya chini ya puli ya nyuma, na mkanda umeanza kwenda upande. Kinga ya bati iliyofunika puli hiyo iliondolewa siku kadhaa zilizopita ili kurahisisha usafi, wala haikurudishwa. Kibarua anapiga magoti, anaingiza mkono ili ayatoe mahindi huku mkanda ukienda. Mkono wa shati unashikwa, kisha kiganja, kisha mkono mzima hadi juu ya kiwiko.

Mambo matatu yalikwisha kuharibika kabla ya ajali hii: kinga haikuwapo, usafi ulifanywa mashine ikienda, na nguo ilikuwa imelegea. Sasa mpakuzi ndiye aliye karibu. Afanye nini?

Kwanza, asivute, azime

Nafsi ya binadamu humwambia amshike mwenzake na kumvuta. Kuvuta hakushindani na mota. Huongeza kuchanika kwa nyama na mishipa, na mvutaji mwenyewe aweza kuingizwa. Jambo la kwanza ni kupaza sauti, "Zima!", na wakati huohuo kubonyeza kitufe cha dharura kilicho karibu.

Kitufe hicho hutambulikana kwa umbo lake: kichwa chekundu kama uyoga juu ya kibao cha manjano. Hubonyezwa kwa kiganja, na kikishabonyezwa hubaki ndani. Kwenye mikanda mirefu huwapo pia waya uliotandazwa kando ya mkanda, ambao ukivutwa popote husimamisha mashine. Manufaa ya waya huo ni kwamba hata aliyenaswa anaweza kuufikia kwa mkono wake mzima.

Pasipokuwa na kitufe wala waya, au vikikosa kufanya kazi, mtu akimbilie swichi kuu na kuishusha. Mashine inayoendeshwa kwa injini ya dizeli huzimwa kwa kukata mafuta kwa mkono wake wa kuzimia. Kila mfanyakazi yapasa ajue tangu siku ya kwanza mahali pa vitu hivi, kwa sababu wakati huo hapana nafasi ya kuuliza.

Kitufe kimezima, lakini hakijafunga

Hapa ndipo wengi hukosea. Mkanda ukisimama, watu huona kwamba hatari imekwisha na kukimbilia mkono wa majeruhi. Lakini kitufe cha dharura kinakata amri ya kwenda tu. Hakiondoi umeme katika mashine. Mtu yeyote anayekizungusha kikaruka nje ameondoa kizuizi hicho, na mwingine akigusa kitufe cha kuwashia mkanda huenda tena ukiwa na mkono ndani.

Kwa hiyo kitufe kiachwe kikiwa kimebonyezwa, na pasipo kupoteza wakati mwendeshaji ashushe swichi kuu. Aifunge kwa kufuli, aweke ufunguo mfukoni mwake mwenyewe, na mtu mmoja asimame mbele ya swichi hiyo bila kuondoka mpaka majeruhi atoke. Pasipo na kufuli, fundi anayejua umeme aondoe fyuzi, na mlinzi wa swichi azishike mkononi.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu, kwa sababu ya kukatika na kurudi kwa umeme. Tuseme umeme wa REGIDESO umekatika mara tu baada ya mkono kunaswa. Mkanda umesimama wenyewe, na wote wanashukuru. Ikiwa mashine ina swichi ya kawaida ya kupandisha na kushusha, na swichi hiyo imeachwa juu, basi umeme utakaporudi mkanda utaenda bila kuguswa na mtu. Vivyo hivyo, mtu wa nje anaweza kuwasha jenereta ili kuwapa waokoaji mwanga, akawa ameipa mashine uhai. Kukatika kwa umeme si kuzima mashine. Swichi ishushwe hata kama taa zote zimezimika, na anayetunza jenereta aambiwe asiiguse.

Kuna onyo moja zaidi. Mafundi wamefundishwa kwamba baada ya kufunga umeme hubonyeza kitufe cha kuwashia ili kuthibitisha kuwa mashine haiendi. Desturi hiyo ni njema wakati wa matengenezo. Mkono wa mtu ukiwa ndani ya mashine, isifanywe kabisa. Uthibitisho uwe wa macho: swichi iko chini, kufuli ipo, fyuzi ziko mkononi. Kwa mashine ya dizeli, mkanda unaotoka kwenye injini uvuliwe kabisa kwenye puli yake.

Simu ya kuomba msaada

Mwendeshaji anapofunga umeme, mpakuzi apige simu. Wasingoje kuona kama wataweza kumtoa wenyewe. Nchini Burundi namba ya polisi ni 117. Upande wa Tanzania polisi hupatikana kwa 112, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa 114.

Wakaao karibu na mpaka wana tatizo ambalo wa mbali hawalijui: simu ya mkononi huweza kushika mnara wa nchi jirani, na namba fupi ikakosa kupita au ikapokewa na watu wa nchi nyingine. Kwa sababu hiyo kila kinu kiandike ukutani, kwa herufi kubwa, namba kamili za kituo cha polisi na za hospitali iliyo karibu, zinazopigwa kama namba za kawaida.

Maneno ya simu yawe machache na yaliyopangwa. Msikilizaji anahitaji kujua mahali, aina ya ajali, kama mtu bado amenaswa, na hali yake. Mpakuzi wetu angeweza kusema hivi:

"Afande, napiga kutoka Kinanira, katika kinu cha nafaka chenye lango la buluu, mkabala na kanisa. Mtu mmoja amenaswa mkono na mkanda wa mashine, hadi juu ya kiwiko. Bado yumo ndani. Umeme tumeuzima na kuufunga. Anaongea, lakini anatoka damu. Tangu anaswe ni dakika tatu. Tunahitaji waokoaji wenye vifaa, na gari la wagonjwa. Mtu wetu atasimama barabarani na tochi."

Neno "bado yumo ndani" ndilo lenye uzito kuliko yote. Anayesikia kwamba "mtu ameumia mkono kinuni" aweza kutuma gari la wagonjwa peke yake. Anayesikia kwamba mtu bado amenaswa anajua kuwa panahitajika pia spana, mitaimbo na fundi. Mpigaji asikate simu kabla hajaambiwa, naye akisha amtume mtu asimame barabarani, maana nyumba nyingi za mitaani hazina namba zinazosomeka usiku.

Kumtunza akiwa bado amenaswa

Mtu mmoja na akae karibu na kichwa cha majeruhi, amshike mgongo na bega ili uzito wa mwili usiuvute mkono ulionaswa. Amweleze kila linalofanyika. Majeruhi akianza kupauka, kutoka jasho baridi, kupumua kwa haraka au kuongea maneno yasiyofuatana, ni dalili kwamba damu haimtoshi mwilini. Afunikwe kwa nguo ili asipatwe na baridi. Asipewe maji, chai wala chakula, kwa kuwa huenda akahitaji kulazwa usingizi kwa ajili ya upasuaji.

Damu ikionekana, kitambaa safi kikandamizwe kwa nguvu juu ya jeraha bila kuachia. Ikiwa inatiririka kwa kasi au kuruka, na kukandamiza hakuizuii au jeraha halifikiki, kitambaa imara chenye upana wa vidole vitatu kifungwe kuzunguka mkono, vidole vinne hivi juu ya jeraha, kisifungwe juu ya kiwiko chenyewe. Kijiti kitiwe kwenye fundo na kuzungushwa mpaka damu ikome, kisha kifungwe mahali pake. Kamba nyembamba au waya visitumike, kwa maana hukata nyama. Saa ya kufunga iandikwe kwa kalamu kwenye paji la uso au shati la majeruhi, na kitambaa kisilegezwe tena ila na mganga.

Kuutoa mkono

Wazo linalowajia wengi ni kuurudisha mkanda nyuma kwa mota. Lisifuatwe. Mota haina kipimo cha uchungu. Huanza kwa mshtuko, na mkono uliopondwa wakati wa kuingia utapondwa tena wakati wa kutoka. Mashine iliyounganishwa vibaya yaweza hata kwenda mbele badala ya kurudi.

Njia ya kwanza ni kulegeza mkanda. Katika mikanda mingi, puli ya nyuma hushikwa na skrubu mbili ndefu za kukazia, moja kila upande. Zikilegezwa kwa spana, kidogo kidogo na pande zote mbili kwa zamu, puli husogea, mkanda unalegea, na nafasi inapatikana ya kuutoa mkono bila kuvuta.

Lakini kabla ya kugusa skrubu, tuangalie kama mkanda umeinama. Mkanda unaopanda juu ukiwa na mahindi hubeba uzito unaotaka kuteremka. Ukilegezwa, mzigo huo waweza kuuzungusha mkanda kinyume kwa ghafula. Kwa hiyo kwanza mkanda ukabwe kwa vipande vya mbao na vibano dhidi ya fremu, na nafaka iliyo juu yake iondolewe kwa mikono. Kuukata mkanda kwa kisu ni njia ya mwisho, nayo ni kazi ya fundi au mwokoaji: mkanda uliokazwa ukikatwa huruka kama upinde.

Gesi ya kukatia chuma na mashine ya kukatia inayotoa cheche zisitumike ndani ya kinu. Vumbi la unga likiwa hewani hushika moto na kulipuka. Kwa sababu hiyohiyo mwanga uwe wa tochi, wala si wa mshumaa au kiberiti.

Kinu ambacho nafaka yake husukumwa na parafujo ndani ya bomba, badala ya mkanda, kina shida nyingine. Mkono hukaa kati ya bapa la parafujo na ukuta wa bomba, na hapana skrubu ya kulegeza. Hapo wafanyakazi wafunge umeme, wazuie damu na kungoja waokoaji, ambao hufungua au kukata bomba lenyewe.

Saa ya kunaswa ihesabiwe. Mkono uliobanwa kwa dakika chache utolewe mara tu itakapowezekana kwa usalama. Muda ukikaribia saa nzima au kupita, ni heri kuutoa mganga akiwapo, kwa sababu nyama iliyobanwa muda mrefu huachia sumu katika damu pindi inapofunguliwa, na moyo waweza kudhurika.

Mkono ukitoka, usafishwe na waganga, si kwa maji ya ndoo. Ufunikwe kwa kitambaa safi na kuegemezwa kwenye ubao au kifuani kama ulivyo. Pete na saa ziondolewe mapema, maana vidole vitavimba. Ikiwa kidole au sehemu ya mkono imekatika, ifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, itiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uwekwe juu ya maji yenye barafu. Barafu isiguse nyama yenyewe. Majeruhi apelekwe hospitali yenye chumba cha upasuaji, kama Hospitali ya Prince Régent Charles, badala ya kupotezewa muda katika zahanati ya jirani.

Taarifa baada ya uokoaji

Turudi kwa kibarua wetu. Amefikishwa hospitali, na kinuni mtu mmoja ameshika ufagio na ndoo, tayari kuosha damu na kuirudisha kinga ya bati mahali pake. Asifanye hivyo bado. Mahali pa ajali paachwe kama palivyo, isipokuwa yale yaliyoguswa kwa ajili ya uokoaji, na hayo yasemwe. Kinga ilikuwa wapi, swichi ilikuwa juu au chini, kitufe kilifanya kazi au la: mambo hayo ndiyo yatakayoeleza ajali ilitokeaje.

Askari atakapofika, apewe saa ya ajali, majina ya walioona, kazi aliyokuwa akiifanya majeruhi na aliyemtuma. Kila shahidi aseme aliyoyaona kwa macho yake, na atenge aliyoyasikia kwa wengine. Kisha mwajiri atoe taarifa kwa wakaguzi wa kazi na kwa INSS, shirika linaloshughulikia fidia za ajali za kazini kwa wafanyakazi walioandikishwa. Nchini Burundi mambo ya kazi huongozwa na Sheria ya Kazi ya tarehe 24 Novemba 2020. Upande wa Tanzania, taarifa huenda kwa OSHA na kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF.

Kwa wakaao mpakani, hapa ndipo haki ya mtu hupotelea. Kibarua asiye na mkataba wa maandishi, tena aliyetoka nchi ya pili, mara nyingi hushauriwa aseme kwamba aliangukia mawe barabarani, kisha hupewa fedha kidogo za dawa na kurudishwa kwao. Mganga asiyejua kwamba ni ajali ya mashine hatajua kutafuta kupondwa kulikojificha chini ya ngozi nzima. Na baada ya miezi, mkono ukiwa umekufa ganzi, hapatakuwa na karatasi hata moja inayothibitisha kwamba uliumia kinuni. Wenzake wawili waliokuwapo wanaweza kuuzuia upotevu huo kwa kueleza ukweli siku ileile, na kumwomba mganga aandike katika cheti kwamba jeraha limesababishwa na mkanda wa kinu.

Jaribio la kila zamu

Yote yaliyosemwa hapa yanategemea kitufe kinachofanya kazi, na kitufe hakijulikani kuwa kizima mpaka kijaribiwe. Mwanzoni mwa zamu, mkanda ukiwa mtupu na watu wakiwa mbali nao, mwendeshaji aubonyeze kila kitufe na kuuvuta kila waya, kimoja baada ya kingine. Mkanda usimame kila mara. Kisha akizungushe kitufe kiruke nje: mkanda usiende mpaka kitufe cha kuwashia kibonyezwe. Ukienda wenyewe, umeunganishwa vibaya.

Mara moja ashushe swichi kuu mkanda ukienda, kisha aipandishe, kama vile umeme umekatika na kurudi. Mkanda ukibaki umetulia, vema. Ukianza kwenda, mashine hiyo isitumike mpaka fundi umeme aweke swichi inayojiachia yenyewe umeme unapokatika. Majaribio haya yote huchukua dakika chache, na matokeo yake yaandikwe katika daftari la zamu, pamoja na tarehe na jina la aliyejaribu.